Yakobo, Paulo na umri wa Ibrahimu

Iweke mistari hii miwili sambamba, kisha isome kwa sauti. Warumi 3:28: "Basi, twaona ya kuwa mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria." Yakobo 2:24: "Mwaona kwamba mwanadamu huhesabiwa kuwa ana haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake." Mtu anayedai kwamba haoni mgongano wowote hapo, ama hajaisoma, ama ameisikia mara nyingi mno hata masikio yake yamekuwa sugu. Mmoja anasema pasipo matendo, mwingine anasema kwa matendo. Na maneno "imani peke yake", ambayo wengi wetu tumeyabeba kama muhtasari wa mafundisho ya Paulo, yamo mara moja tu katika Agano Jipya lote. Yamo katika mstari huo huo wa Yakobo, na yametanguliwa na "si".

Martin Luther aliliona jambo hili wazi kuliko wengi waliomfuata. Alipochapisha Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, aliingiza neno "peke yake" katika Warumi 3:28, ambako Kigiriki hakina. Katika dibaji akauita waraka wa Yakobo kuwa ni waraka wa majani makavu ukilinganishwa na vitabu vingine, na katika orodha ya vitabu akausogeza mwishoni pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo, bila kuvipa namba kama alivyovipa vingine. Simfuati, lakini simcheki. Angalau alikiri kwamba pana tatizo, wakati wahubiri wengi huliruka kwa sentensi moja na kuendelea na ibada.

Sentensi hiyo kwa kawaida huwa hii: Paulo anazungumzia haki mbele za Mungu, Yakobo anazungumzia haki mbele za watu. Mungu huiona imani moyoni, jirani yako huyaona matendo tu. Ni jibu zuri, jepesi kukumbuka, ila halisimami. Yakobo anapotaka mfano wa mtu aliyehesabiwa kuwa na haki kwa matendo, anampeleka msomaji wake mlima wa Moria, kwenye Mwanzo 22, ambako Ibrahimu anamtoa Isaka. Sasa tazama nani alikuwapo kule juu. Ibrahimu aliwaacha vijana wake wawili chini pamoja na punda, akapanda yeye na mwanawe. Hapakuwa na jirani, hapakuwa na mzee wa kanisa, hapakuwa na shahidi wa kuthibitisha lolote kwa watu. Sauti iliyotamka "sasa ninajua ya kuwa unamcha Mungu" ilitoka mbinguni. Zaidi ya hayo, swali linalofungua hoja yote ya Yakobo, katika 2:14, ni kama imani ya namna fulani yaweza kumwokoa mtu. Jirani hamwokoi mtu. Yakobo yuko mahakamani kwa Mungu kama Paulo alivyo, na ni lazima tuwapatanishe wakiwa humo humo ndani.

Njia ninayoiona kuwa ya uhakika zaidi ni kumfuata Ibrahimu mwenyewe, na kumfuata kwa miaka yake. Wote wawili wanamwita yeye shahidi. Tena wote wawili wananukuu mstari mmoja, Mwanzo 15:6, na karibu kwa maneno yale yale ya tafsiri ya kale ya Kigiriki: Ibrahimu alimwamini Mungu, ikahesabiwa kwake kuwa haki. Tofauti yao inaanzia pale kila mmoja anapousimamisha mstari huo katika maisha ya yule mzee.

Kitabu cha Mwanzo kina tabia njema ya kutaja umri. Ibrahimu, akiitwa bado Abramu, anatoka Harani akiwa na miaka 75. Ishmaeli anazaliwa yeye akiwa na 86. Anatahiriwa akiwa na 99. Isaka anazaliwa yeye akiwa na 100. Usiku ule wa sura ya 15, alipotolewa nje na kuambiwa azihesabu nyota, uko kabla ya Hajiri kuingia katika habari, kwa hiyo uko kabla ya ile miaka 86. Kutoka pale hadi kutahiriwa kwake hapapungui miaka 13. Na kutoka pale hadi Moria? Isaka anayepanda mlima ule ni kijana anayeweza kubeba mgongoni kuni za sadaka nzima, anayetembea na kuuliza maswali ya akili. Ongeza miaka ya kumngojea azaliwe na miaka ya kumkuza, utapata miaka zaidi ya 20.

Hoja ya Paulo katika Warumi 4 ni hoja ya kalenda, ingawa mara nyingi tunaihubiri kana kwamba ni ya hisia. Anauliza swali ambalo karani yeyote angeuliza: ilihesabiwa lini? Alipokwisha kutahiriwa, au kabla? Na anajibu: kabla. Mwenye mwili usiotahiriwa aliandikiwa haki kwa kuwa aliamini, na ile tohara ya miaka 13 baadaye ikaja kama muhuri juu ya hati ambayo tayari ilikuwa imeandikwa. Muhuri hauwezi kuwa sharti la kuandikwa kwa hati iliyoutangulia. Basi mtu wa Mataifa anayeambiwa kwamba bila tohara hana sehemu na Ibrahimu, anaweza kujibu kwamba Ibrahimu mwenyewe, siku ile ya nyota, alikuwa kama yeye.

Kwa nini Paulo ahangaike na tarehe? Kwa sababu palikuwa na usomaji mwingine uliojulikana sana miongoni mwa Wayahudi, nao ulizibana tarehe hizo mpaka zikawa kitu kimoja. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, 2:52, kinauliza kama Ibrahimu hakuonekana kuwa mwaminifu katika kujaribiwa, na hilo likahesabiwa kwake kuwa haki. Angalia kilichotendeka hapo. Maneno ya "kuhesabiwa" yametolewa katika sura ya 15 na kupandishwa mlimani katika sura ya 22, na kinachohesabiwa si kule kuamini tena, bali ni kule kushinda mtihani. Ukisoma hivyo, haki inakuwa tuzo ya mtihani mgumu. Paulo analipinga hili kwa kuirudisha kila sura mahali pake.

Sasa njoo kwa Yakobo ukiwa na swali hilo hilo mkononi: je, anafanya kama Wamakabayo? Nilipoanza kusoma waraka huu kwa makini nilidhani ndivyo, na ningali nadhani kwamba ndivyo wengi tunavyomsoma. Lakini mfuatano wa maneno yake unakataa. Katika 2:21 anauliza kama Ibrahimu hakuhesabiwa kuwa ana haki kwa matendo alipomtoa Isaka. Katika 2:22 anasema imani ilitenda kazi pamoja na matendo yake, na kwamba imani ile ilikamilishwa kwa njia ya matendo yale. Kisha 2:23: "Maandiko yale yakatimizwa yaliyonena, Ibrahimu alimwamini Mungu, ikahesabiwa kwake kuwa ni haki." Neno la kukamata hapa ni "yakatimizwa". Jambo haliwezi kutimizwa kama halijatamkwa kwanza. Yakobo anaiacha sura ya 15 ibaki sura ya 15, tukio lenye siku yake, ambamo kilichohesabiwa ni kuamini. Halafu anasema kwamba neno lililotamkwa siku ile lilifika mwisho wake mlimani, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Hapa ndipo sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunapopata shida ambayo msomaji wa Kigiriki hakuwa nayo, nami nadhani nusu ya ubishi wetu inatoka hapa. Kigiriki kinatumia vitenzi viwili tofauti. Kimoja ni *logizomai*, neno la daftari la mhasibu: kuandika kitu katika hesabu ya mtu. Kingine ni *dikaioo*, neno la hakimu: kutamka kwamba huyu ana haki. Tafsiri yetu ya Muungano imevifasiri vyote viwili kwa "hesabiwa". Basi tukisoma Yakobo 2:21 na 2:23 tunasikia kitenzi kimoja kikirudiwa, na tunadhani anasema kuhesabiwa kule kwa sura ya 15 kulitokea madhabahuni. Katika Kigiriki hasemi hivyo. Kitenzi cha daftari anakitumia ndani ya ile nukuu tu, na kimeshikamana na kuamini, sawasawa na kwa Paulo. Kilicho madhabahuni ni kitenzi cha hakimu.

Swali linalobaki ni hakimu alifanya nini mlimani. Na hapa watafsiri wetu hao hao, ambao wametutatiza kidogo, wanatusaidia sana. Katika Mathayo 11:19 Yesu anatumia kitenzi hicho cha hakimu pamoja na neno "kazi", ambalo kwa Kigiriki ni lile lile la "matendo" la Yakobo. Watafsiri waliandika: "hekima imejulikana kuwa ina haki kwa kazi zake." Katika Warumi 3:4, Paulo mwenyewe ananukuu zaburi inayosema habari za Mungu, kwa kitenzi hicho hicho, na tafsiri inasema: "Ili ujulike kuwa una haki katika maneno yako." Waliona, na waliona vema, kwamba Mungu hawezi kuhesabiwa haki kana kwamba jana alikuwa mkosaji. Mungu hujulikana kuwa ana haki. Hekima hujulikana kuwa ina haki. Kitenzi cha hakimu kina kazi mbili: kumpa mtu haki ambayo hakuwa nayo, na kuithibitisha haki iliyopo.

Paulo, katika Warumi 3 na 4, anazungumzia kazi ya kwanza. Anasema bila kupepesa kwamba Mungu "ampaye haki asiyekuwa haki" anafanya hivyo kwa mtu asiyefanya kazi bali anaamini. Mtu anaingia mahakamani akiwa mkosaji na anatoka akiwa huru. Yakobo anazungumzia kazi ya pili. Ibrahimu wa Moria si mtu anayeingia. Ameshatembea na Mungu tangu kabla Isaka hajazaliwa, na yule aliyeandika katika daftari usiku wa nyota sasa anatamka kwamba maandishi yale ni ya kweli. Ndiyo maana naona lile "huhesabiwa kuwa ana haki" la Yakobo 2:24, lililo refu kidogo kuliko "huhesabiwa haki" la Paulo, lingeeleweka vizuri zaidi kama lingefuata mkondo wa Mathayo 11:19: mwanadamu hujulikana kuwa ana haki kwa matendo yake, na anayejulishwa na kutamka ni Mungu. Hili si lile jibu la "mbele za watu" nililolikataa hapo juu. Mahakama ni ile ile moja, hakimu ni yule yule, ila kesi imefika hatua nyingine.

Na Paulo anaijua hatua hiyo. Warumi 2:13 inasema kwamba si wale waisikiao sheria walio wenye haki mbele za Mungu, bali ni waitendao watakaohesabiwa haki. Kitenzi ni cha hakimu, na wakati ni ujao. Wafafanuzi wengine huichukua sentensi hiyo kama sharti ambalo hakuna awezaye kulitimiza, na nakubali kwamba muktadha wake unabishaniwa. Lakini katika Wagalatia 5, baada ya kurasa nzima za kupigania imani pasipo tohara, anaorodhesha matendo ya mwili na kusema waziwazi kwamba watendao mambo ya jinsi hiyo hawataurithi ufalme wa Mungu. Mtu anayedhani Paulo aliifunga mahakama siku ile mtu alipoamini, hajafika mwisho wa waraka.

Nirudi kwa Ibrahimu kidogo, maana katikati ya nyota na mlima pana mambo ambayo hayahubiriwi vya kutosha. Baada ya kuhesabiwa haki katika 15:6, kinachofuata mara moja, katika sura ya 16, ni Ibrahimu kuchoka kungoja na kuzaa na Hajiri. Katika sura ya 20 anamwambia mfalme wa Gerari kwamba Sara ni dada yake, hila ambayo tayari ilikuwa imemuaibisha kule Misri. Kama haki yake ingekuwa salio la matendo, linaloongezeka na kupungua, hapo lingeshuka mpaka chini. Mwanzo haisemi popote kwamba maandishi ya daftari yalifutwa. Hili ni la Paulo kabisa. Lakini wala haisemi kwamba Mungu alimwacha mzee yule abaki na imani ya kungojea kwa hila. Alimfuata mwaka baada ya mwaka mpaka ile imani ikakamilika. Na hili ni la Yakobo. Anayemchukua Paulo bila Yakobo anaufunga mswada wa Mwanzo kwenye 15:6. Anayemchukua Yakobo bila Paulo anaufungua kwenye 22:1, na kumwona mtu aliyepanda mlima ili akatafute kukubaliwa, wakati alikuwa amekubaliwa zamani.

Kuna neno jingine ambalo Kiswahili kimelishika vizuri kuliko lugha nyingi. Katika 2:14 Yakobo anauliza: "Je! Ile imani yaweza kumwokoa?" Ile. Kigiriki kina kiashiria kinachorudi nyuma, kwenye imani iliyotajwa sekunde moja kabla, yaani imani ya mtu ambaye "akisema" kwamba anayo. Tafsiri zilizodondosha neno hilo zimemfanya Yakobo aonekane akiuliza kama imani yoyote yaweza kuokoa, na kujibu hapana. Hakuuliza hivyo. Alimchukua mtu mmoja mwenye dai mdomoni, akamweka mbele ya ndugu aliye uchi na asiye na riziki, akamsikiliza akisema: enendeni kwa amani, mkaote moto na kushiba. Kisha akaondoka bila kutoa kitu. Yakobo anaiita imani hiyo maiti. Mfano wake wa pili ni mkali zaidi: mashetani wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Kwa upande wa kukiri hawana kosa hata moja. Wanapungukiwa na kumtegemea yule wanayemkiri.

Sasa jaribu kuitia imani hiyo ya mashetani ndani ya Warumi 4. Ibrahimu wa Paulo anautazama mwili wake uliokuwa umekwisha kufa, anatazama hali ya kufa ya tumbo la Sara, na bado anategemea ahadi. Huwezi kusema habari hizo za pepo. Neno "imani" katika nyaraka hizi mbili limeandikwa sawa, lakini Yakobo hapa analitumia kwa maana ambayo mpinzani wake analitumia, ili ambane kwa neno lake mwenyewe. Imani anayoimiliki Yakobo mwenyewe ni ile ya 2:22, inayotenda kazi, na hiyo imekaribia mno "imani itendayo kazi kwa upendo" ya Wagalatia 5:6.

Kuhusu "matendo" nitasema kwa ufupi zaidi. Paulo anaandika "matendo ya sheria". Yakobo hatumii maneno hayo hata mara moja, na waraka wake wote hautaji tohara. Maneno ya Paulo yana ndugu yake katika hati moja ya kale ya Kiyahudi iliyopatikana Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, na kuchapishwa rasmi mwaka 1994, inayozungumzia "baadhi ya matendo ya torati", nayo inahusu usafi, sadaka na mambo ya jinsi hiyo. Hilo linasaidia kuelewa ugomvi wa Galatia. Lakini naona wanaosema kwamba Paulo alipinga alama za Kiyahudi tu, tohara na vyakula na sikukuu, wanamfupisha. Katika Warumi 4:4 anazungumzia mtu afanyaye kazi na kupewa ujira, na mara baada ya hapo anamleta Daudi, ambaye alikuwa ametahiriwa tangu utoto na alichohitaji ni kusamehewa dhambi. Paulo anaufunga mlango wa ujira wote, uwe wa tohara au wa sadaka kwa maskini.

Na Yakobo anaufunga pia. Hili mara nyingi hatulioni kwa sababu tunaingia katika sura ya 2 kwa mstari wa 14. Mistari minne kabla ya hapo, katika 2:10, ameandika kwamba mtu atakayeishika sheria yote ila akajikwaa katika neno moja, amekosa juu ya yote. Sura inayofuata inasema sisi sote twajikwaa katika mambo mengi. Ukiyaunganisha hayo mawili, hakuna awezaye kuingia kwa salio la matendo, hata yeye mwandishi. Kama Yakobo angekuwa anafundisha haki ya kuhesabu matendo, angekuwa amejihukumu mwenyewe kabla hajaanza hoja yake. Ndiyo maana hatoi kiasi. Hasemi ni nguo ngapi umpe ndugu, wala ni mara ngapi. Rahabu, mfano wake wa mwisho, ana tendo moja tu la kutajwa, kuwapokea wajumbe na kuwatoa nje kwa njia nyingine, naye alikuwa kahaba. Ukisikia mahubiri juu ya Yakobo 2 ambayo yanamwacha msikilizaji akijumlisha mema yake, ujue mhubiri amehama andiko.

Kosa la upande wa pili lina dalili yake pia. Ni pale mtu anapoitumia picha ya mti na matunda kuahirisha matendo: matunda yatakuja msimu wake, usiharakishe mti. Picha hiyo ni ya kweli mahali pake, lakini si picha ya Yakobo 2. Yeye anasema mwili pasipo roho umekufa, na imani pasipo matendo vivyo hivyo. Wengi wetu tungetarajia aseme kinyume, kwamba imani ndiyo roho na matendo ndiyo mwili. Hakusema hivyo. Sidhani inafaa kuisukuma tashbihi hiyo mbali sana, maana nia yake ni kuonyesha kutenganishwa, si kugawa vyeo. Lakini mti usio na matunda mwezi huu unaweza kuwa mzima. Mwili usiopumua dakika hii hauna msimu wa kungojea.

Je, kila kitu kimepatana? Hapana, na nisingependa kujifanya. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547, uliitumia Yakobo 2:24 kufundisha kwamba haki aliyoipokea mtu huongezeka kwa matendo yanayoshirikiana na imani. Wafuasi wa Luther walisema matendo huitangaza haki wala hayaiongezi. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, wakikubaliana kwamba twapokelewa na Mungu kwa neema, kwa imani, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba twapokea Roho anayetuwezesha kutenda mema. Swali la kuongezeka liliachwa na kila upande ukilieleza kwa lugha yake. Mimi nimeegemea upande wa kutangaza, kwa ajili ya ile "yakatimizwa". Lakini neno "ilikamilishwa" katika 2:22 linanikera kidogo, maana linasema zaidi ya kutangaza: imani yenyewe ilifika mahali ambapo haikuwa imefika. Mkatoliki akinishika hapo, nitamsikiliza.

Kuna anayeweza kuuliza kama hawa wawili walipatana wao wenyewe walipokuwa hai, tukifuata mapokeo kwamba mwandishi ni Yakobo ndugu wa Bwana. Ushahidi wa kuwatenganisha upo. Wagalatia 2:12 inasema watu waliomtisha Petro huko Antiokia, hata akajitenga na meza ya watu wa Mataifa, walitoka kwa Yakobo. Lakini mistari michache juu yake, Paulo anaeleza jinsi Yakobo, Kefa, yaani huyo huyo Petro, na Yohana walivyompa mkono wa shirika, wasiongeze tohara wala kingine, ila neno moja: awakumbuke maskini. Paulo anasema jambo hilo alikuwa na bidii kulifanya. Ni lile lile la Yakobo 2:15, ndugu aliyepungukiwa na riziki. Sharti pekee ambalo wazee wa Yerusalemu walimwekea mtume wa imani lilikuwa tendo, naye hakuliona kuwa linaigusa injili yake hata kidogo.

Alilitimiza kwa miaka. Karibu na mwaka 57, akimalizia waraka kwa Warumi, ule ule wenye 3:28, anawaambia wasomaji wake kwamba sasa anakwenda Yerusalemu na changizo la makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini, na anawaomba wamwombee ili huduma hiyo ikubalike. Hakuwa na hakika. Uvumi ulikuwa umemtangulia. Katika waraka huo huo analalamika kwamba wako wanaomsingizia kufundisha watu watende mabaya ili mema yaje. Matendo ya Mitume 21 inasema alifika, na siku ya pili akaenda kwa Yakobo, wazee wote wakiwapo. Wakamsikiliza, wakamtukuza Mungu. Kisha wakamweleza uvumi waliousikia, wakamtaka awagharimie watu wanne waliokuwa na nadhiri, ili kila mtu apate kujua kwamba yale waliyoambiwa juu yake si kitu. Paulo hakubishana nao. Kesho yake akawachukua watu wale, akaingia nao hekaluni.